Mbeya haikupungua: kuunganisha upya hesabu za sensa kata kwa kata

Ukichukua sensa ya 2012 utaona Mkoa wa Mbeya una watu 2,707,410. Sensa ya 2022 inauonyesha una 2,343,754. Nimeona watu wakiandika kwamba Mbeya imepoteza watu zaidi ya laki tatu na nusu. Si kweli: mwaka 2016 mkoa uligawanywa, ukazaliwa Songwe. Hivi ndivyo ninavyoirekebisha hesabu hiyo.

Hatua ya 1. Elewa ngazi inayoanza chini. Karani wa sensa hahesabu kata nzima. Anapewa eneo la kuhesabia watu, kipande kilichochorwa kwenye ramani kabla ya sensa, chenye kaya ambazo anaweza kuzimaliza kwa siku chache. Kipande hicho hakivuki mpaka wa kijiji au mtaa. Kwa hiyo ukijumlisha maeneo yote ya kata unapata kata, kata zikijumlishwa unapata wilaya, na wilaya zinakupa mkoa. Mpaka wa juu ukihamishwa, jumla ndiyo inayobadilika. Watu wako palepale.

Hatua ya 2. Hamisha wilaya nzima kwanza. Kwa takwimu za 2012, zilizokwenda Songwe ni Mbozi (446,339), Momba (196,818), Ileje (124,451) na mji wa Tunduma (97,562). Jumla ni 865,170.

Hatua ya 3. Tafuta wilaya iliyokatwa. Hapa ndipo wengi hukwama. Chunya, iliyokuwa na watu 290,478, ilipasuliwa: sehemu ikawa Wilaya ya Songwe, sehemu ikabaki Mbeya. Jumla ya wilaya haiwezi kukwambia nani alikwenda wapi, kwa hiyo shuka hadi kwenye jedwali la kata za Chunya peke yake. Weka safu ya mkoa wa sasa (B) mbele ya kila kata, kisha ujumlishe safu ya watu (C):

```
=SUMIF(B:B,"Songwe",C:C)
```

Kata za Chunya zilizohamia Songwe zinaleta watu 133,692, na waliobaki ni 156,786. Ukiongeza 133,692 kwenye 865,170, Songwe ya 2012 inakuwa na watu 998,862, na Mbeya 1,708,548.

Usiziunganishe kata kwa jina peke yake. Majengo ipo Moshi, na ipo Dodoma pia. Tumia jina la wilaya pamoja na la kata, au namba za msimbo.

Hatua ya 4. Hakiki. 998,862 na 1,708,548 lazima zirudishe 2,707,410 kamili. Ikipungua hata mtu mmoja, kuna kata uliyoiacha au uliyoikosea tarakimu. Ikizidi, huenda kuna uliyoihesabu mara mbili.

Sasa linganisha: Mbeya imekua kwa karibu asilimia 37 katika miaka kumi. Songwe, iliyofikia 1,344,687, imekua kwa karibu asilimia 35.

Njia hii ina ukomo wake. Kata yenyewe ikiwa imekatwa katikati, jedwali la kata halitoshi tena. Itabidi ushuke hadi vijiji na mitaa. Usitegemee kulinganisha maeneo ya kuhesabia ya sensa moja na nyingine, kwa sababu huchorwa upya kadiri makazi yanavyoongezeka.