Jinsi ya kusitisha bima ya afya ya kundi mkataba unapofika mwisho: barua ya notisi na taarifa kwa wafanyakazi

Mwongozo huu unamhusu mwajiri wa sekta binafsi aliyewakatia wafanyakazi wake bima ya afya ya kundi kwa mkataba wa mwaka mmoja na kampuni binafsi ya bima, na ambaye ameamua kutoendelea nayo mwaka utakapoisha. Ninaandika baada ya kulimaliza zoezi hilo katika kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Dodoma, ambako kampuni ya bima ilitutumia ankara ya ada ya mwaka mzima mpya wakati sisi tulikuwa tumeshawaandikia kuwaaga.

Kabla ya kuandika lolote, fungua mkataba wenyewe, si kipeperushi cha mafao wala barua ya kukaribishwa, na utafute kifungu cha kuhuisha na kifungu cha notisi. Mikataba mingine hukoma yenyewe tarehe ya mwisho ikifika bila ada mpya kulipwa. Mingine husema kwamba mkataba utahuishwa kwa kipindi kingine kama huo endapo hakuna upande uliotoa notisi ya maandishi ndani ya muda uliotajwa, na hapo ukimya wako huhesabiwa kuwa umekubali. Wetu ulikuwa wa aina hii ya pili, ukitaka notisi ya siku 30.

Hesabu ya siku hizo ifanyike kwa kalenda, maana ndiyo iliyotugharimu. Mkataba wetu ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni 2025. Ukirudi nyuma siku 30 unaangukia tarehe 31 Mei, ambayo ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo siku ya mwisho ya kweli ilikuwa Ijumaa tarehe 30 Mei, kabla mapokezi hayajafungwa. Tena kifungu hakikuzungumzia siku ya kutuma bali siku ya kupokelewa, na kikataja anwani moja tu ya kupokelea notisi, yaani makao makuu Dar es Salaam. Tawi la Dodoma liliipokea barua yetu kwa bashasha zote, likagonga muhuri ambao wino wake ulifichua mwezi na kuficha tarehe, kisha likaiweka kwenye mfuko wa barua za ndani unaosafiri kwa mwendo unaojulikana na wenyewe tu. Makao makuu walidai iliwafikia Juni ikiwa imeshaanza. Kwa sababu hiyo peleka nakala mbili, moja tawini na nyingine kwenye anwani iliyotajwa mkatabani, hata kama itabidi mtu apande treni ya SGR nayo mkononi. Tuma pia kwa baruapepe siku hiyohiyo, na usiondoke mapokezi kabla ya kuona tarehe inasomeka na jina la aliyepokea limeandikwa kwa kalamu pembeni ya muhuri.

Jambo la pili ni maneno ya barua. Rasimu aliyotuandalia dalali wetu wa bima, ambaye kamisheni yake inategemea mkataba kuendelea, ilisema kwamba tunatafakari kutoendelea kutokana na kupanda kwa ada. Kampuni ya bima ililichukua hilo kama mwaliko wa mazungumzo, ikatuletea punguzo, na wakati tukisubiriana siku zikaisha. Notisi haitafakari wala haiombi, inatamka uamuzi. Vilevile usiandike kwamba unavunja au unafuta mkataba, kwa sababu kuvunja kabla ya muda kuna kifungu chake chenye masharti yake ya ada na marejesho, ilhali wewe unauacha ufike mwisho wake na kukataa kuanza mwingine. Barua iliyomaliza ubishi, baada ya wao kukubali kwamba muhuri wa tawi lao ni muhuri wao, ilisomeka hivi:

"YAH: KUTOHUISHA MKATABA WA BIMA YA AFYA YA KUNDI NAMBA ______

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa kifungu cha ____ cha mkataba huo, tunawapa notisi kwamba hatutauhuisha, na kwamba utakoma saa 5:59 usiku wa tarehe 30 Juni 2025. Hatujaomba wala hatujakubali nyongeza yoyote ya muda, na hatutawajibika kwa ada ya kipindi kinachofuata. Notisi hii haiondoi haki ya wanachama kulipiwa matibabu waliyopata kabla ya muda huo. Tunaomba mthibitishe kwa maandishi kupokea notisi hii, na mtuletee taarifa ya madai ambayo hayajalipwa pamoja na utaratibu wa kurejesha kadi."

Saa 5:59 imeandikwa kwa makusudi. Ukiandika saa 6:00 usiku wa tarehe 30, mmoja ataelewa usiku wa kuamkia tarehe 30 na mwingine usiku wa kuamkia tarehe 1, na aliyelazwa wodini atakuwa katikati ya tafsiri hizo. Uliza pia, na upate jibu la maandishi, nani atalipia mgonjwa aliyelazwa kabla ya ukomo na kuruhusiwa baada yake, kwa kuwa mikataba hutofautiana.

Kuhusu wafanyakazi, anza na mikataba yao ya ajira. Ikiwa bima imetajwa humo kama stahili, huwezi kuiondoa kwa tangazo la ukutani: kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi pale maelezo ya ajira yanapobadilika, ayarekebishe na kumjulisha kwa maandishi. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka wafanyakazi wasajiliwe katika bima, kwa hiyo barua yako lazima iseme wanahamia wapi na lini. Pengo la wiki mbili kati ya kadi ya zamani na mpya ndilo litakaloleta watu mlangoni kwako.

Barua ya mfanyakazi iwe fupi na ya Kiswahili, ikitaja siku ya mwisho ya kutumia kadi, hatima ya wategemezi wake, mfuko au kampuni mpya, na mtu wa kumwona. Iwafikie angalau mwezi mmoja kabla, na kila mmoja asaini. Ujumbe kwenye kundi la WhatsApp haukuwafikia mawakala wetu wa kununua alizeti walioko Kongwa na Mpwapwa, na mmoja wao aliijua habari dirishani hospitalini, mtoto akiwa mgongoni. Wanaotumia dawa za kila siku, kama za presha na kisukari, waambiwe wachukue dawa zao mapema. Kwa wajawazito, iombe kampuni mpya ya bima ithibitishe kwa maandishi kama kuna kipindi cha kusubiri kabla ya kulipia uzazi, na uiombe kampuni ya zamani barua inayoonyesha walikuwa wanachama tangu lini, kwa kuwa hiyo ndiyo hoja yako ya kuomba kipindi hicho kiondolewe.

Kadi zikusanywe kwa daftari lenye sahihi, zikiwamo za wategemezi, kwa sababu kadi ambayo haijafungwa kwenye mfumo huweza kukubaliwa dirishani Julai, kisha gharama ikarudi kwa mwajiri. Kama mfanyakazi alikuwa akikatwa mshahara kuchangia bima ya wazazi wake, mhasibu aondoe makato hayo kwenye mishahara ya Julai. Mwisho dai hesabu ya kufunga mkataba, ukilinganisha majina ya walioacha kazi katikati ya mwaka na marejesho ya ada yao. Majina hayo huondolewa kwenye orodha haraka, lakini fedha zake huwa haziombwi na mtu hadi uulize.