Mwanza kwa mara ya kwanza: cha lazima, cha ziada na cha kuacha

Una siku mbili, basi gawa vivutio mafungu matatu kabla hujapanda basi. Usigawe kwa uzuri wa picha. Gawa kwa muda wa kwenda na kurudi, hasa kurudi.

Jiwe la Bismarck halihitaji mpango. Liko mjini, karibu na kivuko cha Kamanga. Pita jioni jua likizama, dakika ishirini zinatosha. Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni la ziada. Nenda asubuhi, na viatu usivyovionea huruma.

Ukerewe nakuambia uache, najua utanuna. Mimi na shemeji yangu tulitoka Dodoma, tukafika Ijumaa usiku. Tukaona kisiwa kikubwa namna ile hakikosekani, Jumamosi asubuhi tukapanda meli ya Nansio. Ni zaidi ya saa tatu majini. Tukashuka jua la utosini, tukala sato, kisha shemeji akaenda kuuliza ya kurudi. Akarudi mdomo umemshuka: ya siku ile imeshaondoka. Tukalala gesti bila hata mswaki. Jumapili tulipokanyaga tena Mwanza ilikuwa alasiri, na basi letu ni Jumatatu alfajiri. Makumbusho ya Bujora yakatupita hivyo hivyo. Ukerewe si pabaya, ila panataka usiku wake mwenyewe. Kisiwa cha Rubondo ndiyo kabisa, kiache kwa safari nyingine.

Sasa cha lazima. Bujora, makumbusho ya Wasukuma, iko Kisesa, barabara ya Musoma, chini ya kilomita ishirini kutoka mjini. Panda daladala ya Kisesa, ukishuka chukua bodaboda. Ilianzishwa na padri David Clement, na hata jengo la vitu vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mwache mwongozaji akueleze zile ngoma, maana ukizitazama peke yako utaona magogo na ngozi tu. Ukija Juni uliza habari za Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma, uwaone wachezaji na machatu yao. Tenga asubuhi nzima.

Cha pili ni Saanane, hifadhi ya taifa iliyo mlangoni mwa jiji. Boti inaondokea Capri Point, na safari ni ya dakika chache. Humo kuna swala, na pimbi wanaota jua juu ya mawe. Malipo si ya taslimu, hivyo hakikisha simu ina salio na chaji. Wahi asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kuinua mawimbi.

Kwa hiyo: Jumamosi Bujora, jioni Bismarck, Jumapili Saanane, na ukibakiwa na muda, Mwaloni. Vaa kofia. Usipande boti isiyo na maboya ya kujiokolea. Na usiwapige picha akina mama wa dagaa bila kuwaomba, watakuchamba mbele za watu.