Kukadiria ukubwa wa faili la sauti kabla ya kurekodi

Ukitaka kujua dakika moja ya rekodi ya WAV itachukua nafasi kiasi gani, zidisha kiwango cha sampuli kwa kHz, kisha idadi ya baiti za kila sampuli (biti 16 ni baiti 2, biti 24 ni baiti 3), kisha idadi ya chaneli, na mwisho 0.06, jibu ni megabaiti kwa dakika.

```
48 × 3 × 2 × 0.06 = 17.28
```

Huo ni mfano wa rekodi ya stirio ya 48 kHz na biti 24, ambayo kwa saa nzima hufikia megabaiti 1,037 hivi. Ile 0.06 ni sekunde 60 zilizogawanywa kwa 1,000, kwa kuwa maelfu ya sampuli kwa sekunde yanageuzwa kuwa mamilioni ya baiti kwa dakika. Kama anayezungumza ni mtu mmoja mwenye maikrofoni moja, rekodi kwa mono, na nafasi itakayotumika itapungua kwa nusu.

Kanuni hii haifai kwa MP3, ambayo ukubwa wake hufuata kasi ya biti iliyochaguliwa: kbps 128 ni megabaiti 0.96 kwa dakika, hata sampuli ziwe ngapi. Kwa FLAC hukupa kikomo cha juu tu, kwa sababu ukimya hubanwa zaidi kuliko ngoma. Windows nayo itaonyesha takriban 16.5 badala ya 17.28, kwani huhesabu megabaiti kuwa baiti 1,048,576.