Soma kiasi kwenye mashine ya kadi kabla hujagusisha kadi

Jamani ndugu zangu mlioko nje, leo tuongelee kile kiskrini cha kaunta kinachomwangalia mteja, maana watu wengi tunagusisha kadi huku macho yako kwenye mfuko wa vitu.

Cha kwanza angalia kama keshia anabonyeza namba mwenyewe kwenye mashine ya kadi. Sehemu nyingine mashine imeunganishwa na till, kiasi kinajileta chenyewe. Lakini kwenye maduka mengi madogo na kwa vinyozi keshia anasoma jumla kule halafu anaiandika huku kwa mkono, na makosa yanazaliwa hapo, kwa sababu mashine nyingi huhesabu tarakimu mbili za mwisho kuwa ni senti. Mfano bili ni 14.50, anatakiwa abonyeze 1450. Kidole kikiongeza sifuri moja inakuja 145.00, umeshalipa mara kumi. Na akiwa na bili ya 20 akabonyeza 20 tu, itatokea 0.20, basi mwambie, hiyo sio haki yako.

Halafu kuna nchi za Ulaya wanaandika 14,50 kwa koma, na nukta wanaiweka kwenye maelfu, yaani 1.450,00 ni elfu moja mia nne na hamsini. Sisi tumezoea kinyume chake, kwa hiyo tulia, hesabu tarakimu zilizo baada ya alama ya mwisho, zikiwa mbili hizo ndo senti.

Sasa kukubali kwenyewe. Ukiingiza kadi, kiasi kinaonekana, unaandika namba ya siri na kubonyeza kijani, njano inafuta ulichokosea kuandika, nyekundu inasitisha yote. Lakini kwa kugusisha hakuna kitufe cha kukubali, ile kugusisha ndo ndiyo yako, na kiasi kikiwa kidogo mara nyingi hata namba ya siri hauulizwi. Kwa simu ndo uwe makini zaidi, ukishaifungua kwa kidole au uso mashine mara nyingi haiombi namba ya siri hata kiasi kikiwa kikubwa. Keshia akikunyooshea mashine imelala au kaziba skrini na mkono, mwambie tu naomba nione kiasi, hakuna ubaya wowote.

Ikitokea umeshagusisha na imeandika Approved kwa kiasi kisicho sahihi, usiondoke kaunta. Omba wafute ule muamala hapohapo, kabla mashine haijafunga hesabu za siku, maana ikishafunga inabidi warudishe hela kama malipo mapya na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kufika kwenye akaunti. Wafute kwanza, ndo ulipe upya kiasi sahihi, na udai karatasi mbili, ya kufuta na ya malipo mapya, uzitunze mpaka uone benki imeweka sawa.