Kampuni ya bilioni 60 iliyo ghali kuliko ya bilioni 120: namna ya kukokotoa thamani ya biashara nzima

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na karatasi yenye majina ya viwanda viwili vya saruji. Kimoja kilikuwa na mtaji wa soko wa takriban nusu ya kingine, ilhali vyote viwili vinazalisha faida ya uendeshaji inayolingana. «Mjomba, si hiki kidogo ndicho cha bei nafuu?» aliniuliza. Tulikaa jioni nzima juu ya hesabu hiyo, na huu ndio utaratibu tulioufuata. Namba nitakazotumia nimezirahisisha kwa ajili ya maelezo, lakini sura ya kampuni hizo ndiyo hiyo hiyo.

Kabla ya hatua yoyote, fikiria unanunua Fuso ambayo kadi yake iko benki. Mwenye gari anataka milioni 40 mkononi, benki inamdai milioni 25 ambazo wewe ndiye utakayezimaliza, na katika mauzo anakuachia milioni 3 za mzigo uliokwisha kulipwa. Gari hilo limekugharimu milioni 62. Milioni 40 ni mtaji wa soko, yaani kile kinachokwenda kwa wenye hisa. Milioni 62 ni thamani ya biashara nzima, yaani kile ambacho mali yenyewe inakugharimu ukishawaridhisha wote wanaoidai.

Hatua ya 1: Mtaji wa soko

Zidisha bei ya hisa kwa idadi ya hisa zilizotolewa, wala si zile zilizoidhinishwa katika katiba ya kampuni. Kiwanda cha kwanza kina hisa milioni 50 kwa shilingi 1,200, kwa hiyo bilioni 60. Cha pili kina hisa milioni 40 kwa shilingi 3,000, kwa hiyo bilioni 120.

Hatua ya 2: Madeni

Fungua ripoti ya mwaka iliyokaguliwa. Mimi situmii kabisa namba za madeni zinazoonyeshwa na tovuti za bei za hisa, kwa sababu huwezi kujua wamejumlisha nini na wameacha nini. Katika mizania, mikopo huandikwa mahali pawili: sehemu ya muda mrefu, na sehemu inayopaswa kulipwa ndani ya miezi 12, ambayo imejificha kati ya madeni ya muda mfupi. Kiwanda cha kwanza kina bilioni 70 upande mmoja, na upande mwingine bilioni 12 za mkopo pamoja na bilioni 8 za ovadrafti, jumla bilioni 90. Cha pili kina bilioni 2 tu za madeni ya upangaji. Wanaokidai kiwanda kwa makaa au magunia usiwaweke humu, maana hao ni sehemu ya mzunguko wa kila siku wa biashara na hawatozi riba.

Madeni ya upangaji yanataka uangalifu kidogo. Tangu kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa upangaji, IFRS 16, ilipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kodi nyingi za pango la majengo na za kukodi magari hazionekani tena kama gharama ya uendeshaji, bali zimegeuka uchakavu na riba. Ukitumia faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, sharti uyajumlishe madeni hayo, la sivyo utakuwa umeisamehe kampuni gharama yake ya upangaji pande zote mbili.

Hatua ya 3: Fedha taslimu

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku mbili, na ndiyo maana nitakawia. Nilikuwa nikilinganisha kampuni kadhaa, na moja ilikataa kulingana na hesabu ya mwenzangu kwa kiasi kile kile kila nilipoirudia. Nilikagua bei, nikakagua idadi ya hisa, nikashuku hata kama ripoti iliandikwa kwa maelfu au mamilioni. Kosa lilikuwa kwamba niliichukua fedha kutoka taarifa ya mtiririko wa fedha badala ya mizania. Kanuni za uhasibu zinaruhusu ovadrafti inayodaiwa wakati wowote ipunguzwe kutoka kwenye fedha katika taarifa ya mtiririko, ilhali mizania huionyesha kando kama deni. Kiwanda chetu cha kwanza kina bilioni 6 katika mizania, lakini mstari wa mwisho wa mtiririko wake unasoma hasi bilioni 2, kwa kuwa ovadrafti ya bilioni 8 imekwisha kutolewa. Ukiitumia hasi hiyo, kisha ukaijumlisha ovadrafti tena kwenye madeni, umeihesabu mara mbili na thamani imepanda kwa bilioni 8 za hewani. Dalili yake ni rahisi kuitambua: tofauti kati ya fedha ya mizania na ile ya mtiririko inalingana sawasawa na ovadrafti. Siku hizi huanza na mizania, kisha nasoma maelezo ya hesabu yanayoifafanua fedha hiyo.

Maelezo hayo yatakuonyesha mambo mengine mawili. Kwanza, fedha nyingine hukaa nje ya mstari wa fedha taslimu: amana za muda maalumu zinazozidi miezi 3 na dhamana za serikali huandikwa peke yake. Kiwanda cha pili kina bilioni 14 taslimu na bilioni 18 za namna hiyo, na mpwa wangu alikuwa amezikosa zote 18. Pili, si kila shilingi iliyo mikononi mwa kampuni ni yake. Fedha za wateja wa M-Pesa nchini Kenya hushikiliwa na mdhamini, kwa hiyo hazipunguzwi katika hesabu ya Safaricom. Vivyo hivyo kwa fedha iliyowekwa rehani benki kama dhamana: iache.

Hatua ya 4: Wanahisa wachache

Ikiwa kampuni inaunganisha hesabu za kampuni tanzu isiyoimiliki yote, jumlisha pia sehemu ya wamiliki wengine, kwa kuwa faida au hasara ya tanzu hiyo imeingia nzima. Safaricom na biashara yake ya Ethiopia ni mfano wa karibu. Viwanda vyetu havina jambo hilo.

Hatua ya 5: Kulinganisha

Katika jedwali, B2 ni bei, B3 idadi ya hisa, B4 madeni, B5 wanahisa wachache, B6 fedha:

```
=B2*B3+B4+B5-B6
```

Kiwanda cha kwanza: 60 + 90 − 6, yaani bilioni 144. Cha pili: 120 + 2 − 32, yaani bilioni 90. Kila kimoja kina faida ya bilioni 18 kabla ya riba, kodi na uchakavu, kwa hiyo cha kwanza kinauzwa kwa mara 8 ya faida hiyo na cha pili kwa mara 5. Kile «kidogo» ndicho ghali. Usigawanye thamani hii kwa faida halisi ya mwisho, maana hiyo imekwisha kukatwa riba ya wakopeshaji ambao umewahesabu juu.

Deni hilo pia hubadilisha mwendo wa hisa. Thamani ya kila biashara ikishuka kwa asilimia 10 na madeni yakabaki yalivyo, wenye hisa wa kiwanda cha kwanza hupoteza bilioni 14.4 kati ya 60, yaani asilimia 24. Wa kiwanda cha pili hupoteza bilioni 9 kati ya 120, yaani asilimia 7.5.

Mpwa wangu akataka tuifanyie hesabu hiyo hiyo hisa yake ya benki. Nilimkatalia: kwa benki, amana za wateja na mikopo ndiyo malighafi ya biashara, huwezi kutenganisha deni na uendeshaji. Benki tuliipima kwa bei ya hisa dhidi ya thamani ya vitabu, yaani mali ukishatoa madeni, kwa kila hisa.