Somo: Kupima uvunjaji wa kiwango cha bei ya bitikoini mwisho wa juma na usiku wa manane

Soko la bitikoini halifungwi, lakini watu wenye fedha nyingi katika soko hilo hufunga ofisi zao. Kwa sababu hiyo mshumaa wa bei kwenye chati uliovunja kiwango Jumapili saa nane mchana unaweza kufanana kabisa na ule uliovunja kiwango hicho Jumatano jioni, ilhali wa kwanza umesukumwa na kiasi kidogo cha fedha na wa pili umesukumwa na kiasi kikubwa. Somo hili linaeleza namna ya kuitambua tofauti hiyo kabla ya kuweka dau. Saa zote nilizozitaja ni za Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza: jua nani yupo sokoni na nani hayupo

Mifuko ya ETF ya Marekani inayoshika bitikoini yenyewe, iliyoanza kuuzwa tarehe 11 Januari 2024, hununuliwa na kuuzwa hasa katika saa za kawaida za soko la hisa la New York, yaani kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa tano usiku wakati wa kiangazi chao, na saa moja baadaye wakati wa baridi yao. Soko la mikataba ya CME la Chicago, lililoanza biashara ya bitikoini Desemba 2017, limekuwa likifungwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi saa sita na kufunguliwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu saa saba, nalo pia likisogea kwa saa moja wakati wa baridi. Oktoba 2025 CME ilitangaza mpango wa kuendesha biashara ya kripto saa 24 kila siku kuanzia 2026, kwa hiyo itazame ratiba yake kabla ya kuzitegemea saa hizi.

Sababu nyingine haionekani kwenye chati. Watengeneza soko, yaani kampuni zinazoweka oda za kununua na za kuuza pande zote mbili muda wote, huhitaji kuhamisha dola kutoka soko moja hadi jingine. Hapo zamani benki za Silvergate na Signature zilikuwa na mitandao iliyohamisha dola hata Jumapili, lakini yote miwili ilipotea mwaka 2023 baada ya benki zenyewe kuanguka mwezi Machi. Mtengeneza soko asiyeweza kujaza akaunti yake hadi Jumatatu hupunguza oda zake ili asiishiwe, na upungufu huo ndio tunaouita ukwasi mwembamba.

Hata katikati ya juma lipo pengo dogo la namna hii, kati ya saa tano usiku, New York inapofunga, na saa tisa usiku, Tokyo inapoanza asubuhi yake. Wengi wetu hufanya biashara saa hizo hizo kwa sababu ndipo tumetoka kazini na watoto wamelala.

Hatua ya pili: pima kina cha kitabu cha oda mwenyewe

Fungua kitabu cha oda cha `BTCUSDT` kwenye soko unalolitumia. Jumlisha oda zote za kununua zilizo ndani ya asilimia moja chini ya bei ya sasa, kisha oda zote za kuuza zilizo ndani ya asilimia moja juu yake, na uandike jumla hizo kwenye daftari. Fanya hivyo Jumatano saa kumi na moja jioni na tena Jumapili saa hiyo hiyo kwa majuma manne. Ukigawanya wastani wa Jumapili kwa wastani wa Jumatano utapata uwiano wa soko lako.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jumatano umekuta bitikoini 400 upande wa kununua, na Jumapili 160. Uwiano ni 0.4, maana yake ni kwamba muuzaji yule yule mwenye mzigo ule ule ataishusha bei mara mbili na nusu zaidi Jumapili. Ikiwa siku za kazi huwa unataka bei ifunge asilimia 0.3 nje ya kiwango ndipo uamini kwamba kimevunjwa, basi Jumapili gawanya 0.3 kwa 0.4 upate asilimia 0.75. Kwenye kiwango cha dola 100,000, kizingiti chako kinahama kutoka dola 300 hadi dola 750.

Kipimo hiki kina kasoro. Oda zilizo kitabuni huweza kuondolewa kwa sekunde moja habari mbaya ikitangazwa, kwa hiyo kina ulichokipima soko likiwa tulivu ni kikubwa kuliko utakachokikuta siku ya purukushani.

Hatua ya tatu: usidanganywe na ujazo wa biashara

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili. Mtu ana mstari wa wastani wa ujazo wa mishumaa 20 kwenye chati ya saa moja. Jumapili bei inavunja kiwango, na nguzo ya ujazo inasimama mara tatu juu ya wastani, naye anasema uvunjaji umethibitishwa. Hakumbuki kwamba mishumaa 20 iliyopita yote ni ya Jumamosi na Jumapili, yaani amelinganisha kijito na vijito vingine. Rudi nyuma hadi Jumanne au Jumatano, saa ile ile, uone kama nguzo hiyo ingefika hata katikati. Ili kuzitambua siku hizo kwa haraka, tia kivuli kwenye chati ya TradingView:

```
//@version=5
indicator("Wikendi", overlay=true)
w = dayofweek(time, "UTC")
wk = w == dayofweek.saturday or w == dayofweek.sunday
bgcolor(wk ? color.new(color.gray, 85) : na)
```

Kivuli hicho kitaisha Jumatatu saa tisa usiku kwa saa zetu, kwa kuwa siku ya UTC hubadilika muda huo, na ndipo mshumaa wa siku unapofungwa kwenye masoko mengi.

Tazama pia jumla ya mikataba iliyo wazi. Bei ikivunja kiwango kwenda chini huku jumla hiyo ikiporomoka, kwa kawaida wanaouza ni watu waliofungiwa biashara zao kwa nguvu kwa sababu dhamana imekwisha. Msukumo wa namna hiyo huisha wakishamalizika, na mara nyingi bei hurudi ilikotoka.

Hatua ya nne: ongeza sharti la muda

Umbali peke yake hautoshi, na mfano wa Jumapili tarehe 22 Juni 2025 unaonyesha kwa nini. Usiku wa kuamkia siku hiyo kwa saa zetu Marekani ilitangaza kwamba imeshambulia vituo vya nyuklia vya Iran. Masoko ya hisa, mafuta na CME yalikuwa yamefungwa, na bitikoini ilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mwenye hofu angeweza kuviuza papo hapo. Baadaye siku hiyo bei ilishuka chini ya 100,000, mara ya kwanza tangu mapema Mei, ikafika karibu na 98,200.

Sasa itie kwenye kipimo chetu. Kizingiti cha asilimia 0.75 kilikuwa 99,250, na bei ilikipita kwa zaidi ya dola elfu moja. Aliyetegemea umbali tu angeuza. Lakini mshumaa wa siku ulifungwa juu ya 100,000, na kabla ya Jumatatu kwisha kwa saa za UTC bei ilikuwa imepita 105,000. Aliyeuza kwa 99,000 alikuwa na hasara ya zaidi ya asilimia sita ndani ya siku mbili, achilia mbali aliyetumia mkopo wa mara kumi.

Kwa hiyo kanuni yangu ina masharti mawili yanayokwenda pamoja: mshumaa wa siku ufungwe nje ya kizingiti kilichorekebishwa, na bei iendelee kukaa nje baada ya London kuanza kazi Jumatatu, saa nne au saa tano asubuhi kulingana na majira. Wapo wanaosubiri hadi New York ifungue. Mimi huona hapo mtu amechelewa mno, ingawa siwezi kuwalaumu.

Hatua ya tano: punguza dau kwa uwiano ule ule

Ukiamua kuingia kabla ya Jumatatu, oda ya kukata hasara inapaswa kukaa mbali zaidi, hivyo dau lipungue. Ikiwa uko tayari kupoteza dola 20, na siku za kazi hukata hasara kwa asilimia moja, dau lako ni dola 2,000. Jumapili umbali huo ni asilimia mbili na nusu, na dau ni dola 800. Ingia kwa oda ya bei maalumu, usiingie kwa oda ya bei yoyote iliyopo.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mwanza: Mwalimu, kwa kusubiri Jumatatu si tunakosa safari? Oktoba 2025 rekodi ilivunjwa Jumapili.*

Ni kweli, ndugu yangu. Tarehe 5 Oktoba 2025, Jumapili, bei iliivuka rekodi ya Agosti iliyokuwa takriban 124,000, ikapita 125,000, na Jumatatu ikapita 126,000. Sijasema kwamba kila uvunjaji wa Jumapili ni wa uongo. Anayesubiri huweza kukosa mwanzo wa safari, na hiyo ni bima ninayokubali kuilipa. Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi ya juma hilo hilo, New York ikiwa imeshafunga, bei iliporomoka vibaya na biashara za takriban dola bilioni 19 zikafungwa kwa nguvu katika soko zima la kripto.

*Mwanachama, Maskati: Shikamoo mwalimu. Huku mapumziko yetu ni Ijumaa na Jumamosi. Je, kwangu hesabu inabadilika?*

Marahaba. Haibadiliki, kwa sababu saa inayoongoza ni ya New York na Chicago. Ongeza tu saa moja kwenye nyakati zote nilizozitaja. Ijumaa yako ni siku kamili ya soko, na Jumapili uliyorudi kazini ndiyo siku nyembamba.

*Mwanachama, Mombasa: Niliweka oda ya kukata hasara Jumamosi usiku, ikatekelezwa chini sana ya bei niliyoandika. Nimeibiwa?*

Pengine hapana. Yamenikuta mimi mwenyewe kwa sarafu ndogo: niliandika 0.410, nikauziwa kwa 0.391. Oda hiyo ikiguswa hugeuka kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote, na kwenye kitabu changu kulikuwa na wanunuzi wawili tu kabla ya pengo. Fungua historia ya miamala uone iligawanywa katika vipande vingapi. Vikiwa vingi kwa bei zinazoshuka ngazi kwa ngazi, ni ukwasi uliokosekana.

*Mwanachama, Dodoma: Dada mmoja kwenye kundi anasema pengo la CME la Jumatatu lazima lijazwe. Ndivyo?*

Hakuna ulazima. Pengo ni tofauti kati ya bei ya CME ya kufunga Ijumaa na ya kufungua baada ya mapumziko. Mengi hujazwa, kwa kuwa mwendo mwingi wa wikendi hurudi kwa sababu tulizozieleza, lakini mengine hukaa miezi. Mimi hulitumia kama alama ya mahali bei ilipokuwa mara ya mwisho soko likiwa na watu wote.