Alamu ya saa janja haikuamshi? Tafuta kwanza mtetemo unapotelea wapi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuamshwa na mtetemo peke yake, bila mlio: pengine analala na mtoto mchanga, pengine hasikii vizuri, au anawahi zamu na hataki kuamsha nyumba nzima. Arifa za mchana nitazigusia tu. Mtetemo wa mchana ukikupita, simu iko mfukoni. Wa usiku ukikupita, umechelewa.

Wengi huanza kwa kufungua mipangilio na kupandisha nguvu hadi mwisho. Msianzie huko. Mara nyingi mota ya saa ni nzima na nguvu inatosha, ila mtetemo haufiki kwenye ngozi, au alamu yenyewe haikuwa kwenye saa.

Hatua ya 1: Jaribu kwa kipima muda, si kwa alamu

Weka kipima muda cha dakika moja kwenye saa yenyewe, bila kupitia simu. Fanya hivyo mara tatu.

Mara ya kwanza iache saa juu ya meza ya mbao, mgongo wake ukigusa mbao. Mota nzima itanguruma na utaisikia ukiwa hatua kadhaa. Mara ya pili ivae, ukae kitako, mkono ukiwa juu ya paja. Mara ya tatu lala kitandani kwa namna unayolala kweli, mkono ukiwa pale unapokuwaga usiku.

Ikinguruma mezani lakini usiisikie kitandani, tatizo ni mkanda au mkao: nenda hatua ya 2. Ukiisikia mara zote tatu lakini asubuhi hukuamka, kagua hatua ya 4. Ikiwa hata mezani ni dhaifu, ruka hadi mwisho.

Wenye Apple Watch Series 4 na kuendelea wana njia fupi zaidi. Washa `Crown Haptics` ndani ya `Settings` > `Sounds & Haptics`, kisha zungusha kile kitufe cha duara cha pembeni ukiwa kwenye orodha yoyote. Ukihisi mapigo madogo madogo, mota inafanya kazi.

Hatua ya 2: Mkanda

Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima wakilaumu programu, kwa hiyo nitakaa.

Mota ya saa ni ndogo mno. Inachofanya ni kusukuma kijiuzito ndani ya kasha ili kasha lote litikisike, na kasha ndilo linalotikisa ngozi. Kasha likining'inia, linatikisika lenyewe hewani na ngozi haipati kitu. Ndiyo maana saa iliyolegea husikika kwa sikio kuliko kwa mkono.

Kipimo cha kukaza ni hiki: sukuma saa kwa kidole kuelekea kiwiko. Ngozi ikisogea pamoja nayo, imekaa sawa. Saa ikiteleza juu ya ngozi, imelegea. Ikikuachia alama nzito au vidole vikifa ganzi, umezidisha, legeza kidogo.

Mahali pa kuivaa pana uzito sawa na kukaza. Kile kifundo cha mfupa upande wa kidole kidogo huinua kasha na kuacha mwanya chini yake, na saa hubembea kama meza yenye mguu mfupi. Ipandishe juu ya kifundo kwa upana wa kidole kimoja, upande wa kiwiko, ili mgongo wake wote uguse nyama.

Kuhusu aina ya mkanda nina msimamo: kwa kulalia, chukua wa kitambaa unaonata, ule unaovuta na kubandika popote. Mkanda wa matundu hukulazimisha kuchagua kati ya tundu linalobana na tundu linalolegea, na mkono haubaki na unene uleule toka jioni hadi alfajiri. Mkanda wa vipande vya chuma ndio mbaya kuliko yote kwa kazi hii. Mara nyingi huvaliwa ukiwa umelegea, tena unaongeza uzito ambao mota ileile ndogo inapaswa kuutikisa. Kava nene la kukinga kasha lina kosa hilohilo. Livue usiku.

Ipo dalili moja inayokuthibitishia bila kubahatisha. Kama Apple Watch yako ina nambari ya siri na `Wrist Detection` imewashwa, halafu asubuhi unaikuta inaomba nambari hiyo ilhali hukuivua, basi usiku ilidhani imevuliwa. Mgongo wake uliachana na ngozi. Saa iliyojifunga hivyo haikuletei arifa za simu, hata uweke nguvu kiasi gani.

Mwisho, angalia mkono wenyewe. Anayelala ubavu wa kushoto mkono ukiwa chini ya mto, mto humeza mtetemo na mkono wenyewe huweza kufa ganzi. Hamishia saa mkono wa kulia, na kwenye mipangilio uiambie saa kwamba umehama.

Hatua ya 3: Nguvu na muundo

Sasa ndiyo fungua mipangilio.

Kwenye Apple Watch nenda `Settings` > `Sounds & Haptics`, hakikisha `Haptic Alerts` imewashwa, kisha chagua `Prominent`. Elewa inachofanya: inaongeza mtetemo wa kutangulia kabla ya baadhi ya arifa za kawaida, ili ushtuke kwanza. Usitegemee kwamba alamu nayo itapata nguvu mpya kwa sababu hiyo.

Kwenye Galaxy Watch ni `Settings` > `Sounds and vibration`. Mtetemo wa simu zinazoingia na wa arifa hupangwa mbalimbali, na ukibadilisha mmoja mwingine unabaki ulivyokuwa. Kwenye Fitbit tafuta `Vibration` ndani ya `Settings`, uweke `Strong`. Majina haya husogea kidogo kila toleo jipya linapokuja, lakini hayaendi mbali.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua muundo, upe kipaumbele kuliko nguvu. Ngozi huzoea haraka mtetemo usiokatika. Baada ya sekunde chache ubongo unauchukulia kama kelele ya feni. Mtetemo unaokatika na kurudi hushtua upya kila unaporudi. Chagua muundo wenye mapigo marefu na mapumziko yanayoonekana kati yake.

Kwa nini marefu? Saa na bangili nyingi za bei nafuu zina mota inayozungusha kijiuzito kilichoegemea upande mmoja, na inahitaji muda kidogo kushika kasi. Pigo fupi hukatwa kabla haijafika, kwa hiyo unapata mguso hafifu hata kama nguvu iko juu kabisa. Saa za bei ya juu hutumia mota ya kwenda na kurudi, yenye uzito juu ya springi. Hiyo huanza upesi, lakini hutetema vizuri kwenye mwendo wake mmoja tu, mara nyingi kati ya herzi 150 na 250, na hakuna mpangilio utakaoifanya ivuke hapo.

Hatua ya 4: Alamu ni ya nani, simu au saa?

Alamu uliyoiweka kwenye simu ni ya simu. Kwenye iPhone, saa huipokea ikiwa `Push Alerts from iPhone` imewashwa katika sehemu ya `Clock` ya programu ya Watch, lakini simu nayo inalia. Kwa anayetaka mtetemo tu, hiyo haifai. Fungua programu ya alamu kwenye saa yenyewe na uiweke humo.

Kisha washa `Silent Mode` kwenye saa. Alamu itatetema bila mlio, kwa sharti moja: saa isiwe kwenye chaja. Ikiwa inachajiwa, alamu na kipima muda vitalia hata ukiwa umeinyamazisha. Kwa hiyo chaji jioni kabla ya kulala. Kwenye saa za aina nyingine, fungua alamu husika na uangalie kama inakupa nafasi ya kuchagua mtetemo peke yake.

Usitegemee kuahirisha. Mkono wa usingizini huizima alamu bila mwenyewe kujua. Weka alamu tatu zinazojitegemea, zikipishana dakika tano.

Mfano mmoja, toka mwanzo hadi mwisho

Mtu ana Apple Watch yenye mkanda wa matundu, anataka kuamka saa 11 alfajiri, yaani 05:00 kwenye kioo. Analalamika kwamba mtetemo "umekufa". Kipima muda mezani: inanguruma vizuri. Akiwa amekaa: anaisikia. Akiwa amelala ubavu: hasikii kitu. Ukisukuma saa, inateleza hadi kwenye kifundo. Asubuhi huwa inamwomba nambari ya siri, naye alidhani ni kawaida. Alamu yake iko kwenye simu, na `Push Alerts from iPhone` imezimwa, kwa hiyo saa haikuwahi kuambiwa lolote kuhusu saa 11.

Marekebisho: mkanda wa kitambaa, saa juu ya kifundo, mkono wa pili. Alamu ya simu inafutwa. Kwenye saa zinawekwa 04:55, 05:00 na 05:05, `Silent Mode` imewashwa, chaja imetolewa kabla ya kulala. Kabla ya kuitegemea siku ya kazi, ijaribu kwenye usingizi wa mchana au siku ya mapumziko.

Nguvu ya mtetemo haikuguswa kabisa.

Hatua ya 5: Ikiwa mota ndiyo mbovu

Zima saa na uiwashe tena, kisha rudia jaribio la mezani. Mtetemo uliobaki hafifu, unaokwaruza kama kitu kilicholegea ndani, au unaokuja na kupotea ukigonga kasha, ni wa mota au waya wake. Hali hii mara nyingi huja baada ya saa kuanguka au kuingia maji.

Kama dhamana bado ipo, usiifungue. Kioo au mgongo ukibanduliwa, gundi na mpira wa kuzuia maji havirudi kama vilivyotoka kiwandani, na hata mota mpya ikikaa vizuri, usiende nayo tena kuogelea.